Orodha Inapokua: Muda wa Mstari, wa Mraba na wa Logi

Kasi ya ukuaji wa algoriti ni kipimo cha namna kazi ya kompyuta inavyoongezeka pale data inapoongezeka. Haipimi sekunde. Sekunde hutegemea prosesa, lugha ya programu na hata programu nyingine zilizo wazi wakati huohuo, ndiyo maana msimbo uleule unaweza kuchukua nusu sekunde kwenye kompyuta moja na sekunde tatu kwenye nyingine. Kinachobaki palepale kwenye mashine zote mbili ni jibu la swali moja: data ikiongezeka mara mbili, kazi inaongezeka mara ngapi? Katika mtihani wa miundo ya data, karibu kila swali la muda wa algoriti ni swali hili lililovalishwa nguo tofauti.

Orodha moja inatosha kuonyesha majibu matatu yanayokutwa mara nyingi zaidi. Tuseme duka la mtandaoni lina orodha ya namba za simu za wateja wake, na idadi ya namba hizo ni n. Zipo kazi mbili za kufanya juu ya orodha hiyo: kujua kama namba fulani imo, na kujua kama kuna namba iliyoandikwa zaidi ya mara moja.

Kazi ya kwanza, orodha ikiwa haijapangwa, hufanywa kwa kupita namba baada ya namba.

```python
def imo(orodha, namba):
    for x in orodha:
        if x == namba:
            return True
    return False
```

Namba inayotafutwa ikiwa ya kwanza, ulinganisho mmoja unatosha. Ikiwa ya mwisho, au haimo kabisa, programu hufanya ulinganisho n. Wachambuzi wa algoriti kwa kawaida huhesabu hali mbaya kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayotoa ahadi: kazi haitazidi hapo, data ije kwa mpangilio wowote. Kwa hiyo utafutaji huu una muda wa mstari, unaoandikwa O(n). Ukichora grafu ya kazi dhidi ya idadi ya namba, unapata mstari ulionyooka. Wateja wakiwa 1,000, ulinganisho ni 1,000. Wakifika milioni 1, ulinganisho ni milioni 1.

Herufi O katika maandishi hayo haikutoka kwa watu wa kompyuta. Mwanahisabati Mjerumani Paul Bachmann aliitumia katika kitabu chake cha nadharia ya namba mwaka 1894, kisha Edmund Landau akaieneza. Ilipoingia katika sayansi ya kompyuta ilikuwa ikitumiwa ovyoovyo, mpaka Donald Knuth alipoandika makala mwaka 1976 akipendekeza maana moja inayoeleweka. Maana hiyo ni rahisi kuliko inavyoonekana ubaoni. Kusema kazi ni O(n) ni kusema kwamba, kuanzia ukubwa fulani wa data, kazi haizidi n iliyozidishwa kwa namba fulani isiyobadilika. Mfano, algoriti inayofanya hatua 5n + 20 ni O(n), kwa kuwa n ikifika 20 na kuendelea, 5n + 20 haizidi 6n. Namba 6 na namba 20 ndizo ushahidi, na mtahiniwa anayeombwa athibitishe anatakiwa azitaje zote mbili.

Kazi ya pili, ile ya kutafuta namba zilizorudiwa, huwavuta wengi kwenye njia ya kwanza inayokuja akilini: chukua kila namba, uilinganishe na zote zinazoifuata.

```python
def kuna_marudio(orodha):
    n = len(orodha)
    for i in range(n):
        for j in range(i + 1, n):
            if orodha[i] == orodha[j]:
                return True
    return False
```

Hesabu yake inafaa kufanywa polepole. Namba ya kwanza inalinganishwa na nyingine n − 1, ya pili na n − 2, na kuendelea hivyo hadi ile ya mwisho kabla ya mwisho, ambayo inalinganishwa na moja tu. Jumla ni n(n − 1)/2. Namba 10 zinahitaji ulinganisho 45. Namba 100 zinahitaji 4,950. Namba 1,000 zinahitaji 499,500. Kila data inapoongezeka mara kumi, kazi inaongezeka takriban mara mia, na huo ndio muda wa mraba, O(n²).

Wanafunzi wengi hukwama hapa kwa swali la haki kabisa: ile nusu imekwenda wapi? Kitanzi cha ndani hakianzi mwanzo, kinaanzia i + 1, basi kazi ni nusu ya mraba, kwa nini iitwe mraba? Ukifungua mabano unapata n²/2 − n/2. Kwa n = 1,000, kipande cha kwanza ni 500,000 na cha pili ni 500 tu, yaani sehemu moja ya elfu; kadiri n inavyokua, kipande hicho cha pili kinazidi kuwa kidogo ukikilinganisha na cha kwanza. Kinaachwa kwa sababu hiyo. Nusu iliyo mbele ya n² inaachwa kwa sababu nyingine: haigusi ukuaji. Weka 2n mahali pa n, na (2n)²/2 inakuwa mara nne ya n²/2, sawasawa na ambavyo (2n)² ni mara nne ya n². Kukata kazi kwa nusu ni faida ya kweli kwa anayesubiri mbele ya skrini, lakini hakubadilishi namna kazi inavyopanda.

Uzito wa jambo hili unaonekana orodha inapofika milioni 1. Ulinganisho unakuwa 499,999,500,000, karibu nusu trilioni. Kompyuta inayoweza kufanya ulinganisho milioni 100 kwa sekunde ingeumaliza kwa sekunde 5,000 hivi, ambazo ni saa 1 na dakika 23. Kompyuta hiyohiyo ingetafuta namba moja kwa njia ya mstari katika orodha hiyohiyo kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Wateja wakifika milioni 10, utafutaji wa mstari unachukua sehemu moja ya kumi ya sekunde, wakati kusaka marudio kwa jozi kunachukua karibu siku 6. Kununua mashine yenye kasi mara kumi hakuponyi: katika muda uleule, algoriti ya mstari itamudu data mara kumi zaidi, ila ile ya mraba itamudu data iliyoongezeka kwa takriban mara tatu tu, kwa sababu kipeuo cha pili cha 10 ni 3 na kidogo.

Ukuaji wa tatu unakwenda upande mwingine kabisa. Namba zikishapangwa kutoka ndogo hadi kubwa, haihitajiki kupita moja moja. Programu huangalia namba ya katikati. Ikiwa ndiyo, kazi imekwisha; ikiwa ni ndogo kuliko inayotafutwa, nusu yote ya kushoto inatupwa; ikiwa ni kubwa, nusu ya kulia inatupwa. Kisha hatua hiyo inarudiwa kwenye nusu iliyobaki.

Chukua orodha fupi ya namba 15: 3, 8, 12, 17, 21, 26, 30, 34, 41, 45, 52, 58, 63, 77, 90. Inatafutwa 52. Nafasi zinahesabiwa kuanzia 0 hadi 14, hivyo ya katikati ni 7, yenye 34. Namba 52 ni kubwa zaidi, basi zinabaki nafasi 8 hadi 14. Katikati yake ni 11, yenye 58, ambayo ni kubwa mno. Zinabaki nafasi 8 hadi 10. Katikati ni 9, yenye 45, ndogo mno. Inabaki nafasi ya 10 peke yake, na humo ndimo ilimo 52. Hatua ni 4. Utafutaji wa mfululizo ungechukua 11. Na katika orodha ya namba 15 hakuna namba inayoweza kuhitaji zaidi ya hatua 4, iwe imo au haimo.

Idadi ya hatua hizo ni jibu la swali: n inaweza kugawanywa kwa mbili mara ngapi kabla ya kwisha? Hiyo ndiyo logi ya n kwa kizio cha 2, na muda wake huandikwa O(log n). Mbili kwa kipeo cha 20 ni 1,048,576, kwa hiyo orodha ya namba milioni 1 inahitaji hatua zisizozidi 20. Orodha ya milioni 10 inahitaji 24. Data imeongezeka mara kumi, kazi imeongezeka kwa hatua 4 tu. Kizio cha logi hakiandikwi ndani ya O, kwani logi ya kizio cha 2 na ile ya kizio cha 10 hutofautiana kwa kuzidishwa na namba isiyobadilika, 3.32 hivi, na namba za aina hiyo huachwa kama ilivyoachwa nusu ya hapo juu.

Utafutaji wa nusu kwa nusu ni mfupi kuandika na mgumu kuupatia. John Mauchly aliuzungumzia katika mihadhara ya mwaka 1946, enzi za kompyuta za mwanzo kabisa, na bado miongo mingi baadaye kosa lilikuwa limejificha ndani yake. Mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza hadharani kwamba utafutaji uliomo katika maktaba ya lugha ya Java, ambao aliuandika yeye mwenyewe, ulikuwa na hitilafu kwa miaka kama tisa. Katikati ilikuwa ikipatikana kwa kujumlisha mwanzo na mwisho kisha kugawa kwa mbili. Katika Java, namba nzima ya kawaida haiwezi kuzidi 2,147,483,647. Jumla ikipita hapo hugeuka kuwa hasi, na programu huanguka ikitafuta nafasi isiyokuwepo. Orodha lazima iwe na zaidi ya vitu bilioni 1 ndipo hilo litokee, na ndiyo sababu halikuonekana mapema. Tiba yake ni mstari mmoja:

```java
int kati = mwanzo + (mwisho - mwanzo) / 2;
```

Muda wa logi una masharti mawili, na watunga mitihani wanayapenda. Kwanza, data iwe imepangwa. Kwenye orodha isiyopangwa, kutupa nusu ni kutupa huenda na jibu lenyewe. Pili, iwezekane kuifikia nafasi yoyote mara moja. Safu inaruhusu hilo. Orodha iliyounganishwa kwa viungo, ambamo kila kitu kinajua tu kilichopo mbele yake, hairuhusu: kufika katikati kunahitaji kupita nusu ya viungo vyote, na mwendo huo peke yake ni wa mstari. Mtego wa tatu umo katika msimbo unaoonekana safi. Mwanafunzi anaandika utafutaji unaojiita wenyewe, na kila mara anaupa kipande kilichokatwa, kama `orodha[kati+1:]`. Katika Python, kukata hivyo hunakili kipande kizima. Ulinganisho unabaki 20, lakini kunakili ni n/2, kisha n/4, kisha n/8, na jumla yake inakaribia n. Algoriti iliyokusudiwa kuwa ya logi imekuwa ya mstari bila mtu kuandika kitanzi hata kimoja. Dawa ni kupitisha orodha nzima pamoja na namba mbili za mipaka.

Kupanga nako si bure. Njia nzuri za kupanga kwa kulinganisha, kama ile ya kuunganisha mafungu, zina muda wa O(n log n), ambao kwa namba milioni 1 ni kama hatua milioni 20. Anayetafuta namba moja tu mara moja hana sababu ya kupanga: milioni 1 za utafutaji wa mfululizo ni chache kuliko milioni 20 za kupanga. Ila anayetafuta mara 1,000 atatumia hadi bilioni 1 kwa njia ya mstari, wakati kwa kupanga kwanza atatumia milioni 20 na kuongeza 20,000 za utafutaji. Kupanga kunaanza kulipa baada ya utafutaji wa 20 hivi. Ile kazi ya marudio inanufaika zaidi: orodha ikipangwa, namba zilizo sawa hukaa jirani, na kuzipata kunahitaji kupita mara moja tu ukilinganisha kila namba na inayofuata. Kazi ya saa 1 na dakika 23 inashuka hadi chini ya sekunde moja kwa mashine ileile.

Mtihani kwa kawaida hautoi maelezo marefu ya algoriti. Unatoa msimbo na kuuliza muda wake, na makosa mengi hutokana na kuhesabu vitanzi kwa macho badala ya kuuliza kila kitanzi kinazunguka mara ngapi. Vitanzi vilivyofuatana hujumlishwa: kupita orodha mara mbili, moja baada ya nyingine, ni 2n, yaani O(n). Vilivyomo kimoja ndani ya kingine huzidishwa, lakini kinachozidishwa ni idadi halisi ya mizunguko. Kitanzi cha ndani kikizunguka mara 10 daima, jumla ni 10n, na jibu linabaki O(n) ingawa vitanzi ni viwili. Kitanzi kimoja nacho kinaweza kuwa na muda wa logi:

```python
i = 1
while i < n:
    i = i * 2
```

Kwa n = 1,000, kibadiliko i kinapita 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi 512, kisha kinafika 1,024 na kitanzi kinakoma. Mizunguko ni 10. Alama ya kutafuta katika msimbo wa aina hii ni namna kibadiliko kinavyosonga: kikiongezwa namba isiyobadilika, muda ni wa mstari, kikizidishwa au kugawanywa, muda ni wa logi.

Msimbo mgumu zaidi kuutambua ni ule unaoficha kitanzi ndani ya amri fupi.

```python
zilizoonekana = []
for x in orodha:
    if x not in zilizoonekana:
        zilizoonekana.append(x)
```

Kitanzi kinachoonekana ni kimoja, na jibu la haraka ni O(n). Lakini `not in` juu ya orodha ya Python hupita vitu vyake kimoja kimoja. Namba zote zikiwa tofauti, mzunguko wa kwanza haukagui kitu, wa pili unakagua kimoja, wa tatu viwili, na jumla inarudi kuwa n(n − 1)/2, ile ile ya vitanzi viwili. Ukiandika `zilizoonekana = set()` na kutumia `add` badala ya `append`, ukaguzi wa kila namba unachukua muda usiotegemea idadi, kwa wastani, na kazi nzima inakuwa ya mstari. Seti inalipia kasi hiyo kwa kumbukumbu, na neno "kwa wastani" si la kupamba: data ikiangukia vibaya kwenye jedwali la seti, muda unaweza kurudi kuwa wa mraba. Jibu kamili la mtihani hutaja hilo.

Jambo jingine linalopoteza alama ni kuchanganya O na hali ya data. O ni kikomo cha juu, na kihesabu algoriti yenye muda wa mstari ni O(n²) pia, kwa kuwa kazi yake haizidi mraba. Sentensi hiyo ni kweli, ila haisaidii. Msahihishaji anataka kikomo kilicho karibu zaidi. Panapohitajika kusema kwamba kazi hukua hivyo hasa, si zaidi na si pungufu, hutumika herufi ya Kigiriki Θ. Hali nzuri au mbaya ya data ni swali lingine. Ile `kuna_marudio` ya mwanzo inamaliza kwa ulinganisho mmoja kama namba mbili za kwanza zinafanana. Hiyo ni hali yake nzuri kuliko zote, na haifuti mraba wa hali mbaya.

Kipimo hiki kina mpaka wake kwenye data ndogo. Algoriti ya hatua 100n na ya hatua n² hukutana n ikiwa 100. Chini ya hapo ile ya mraba ndiyo yenye kasi. Maktaba za kupanga za Python na Java hutumia ukweli huu waziwazi: vipande vifupi hupangwa kwa njia ya kuchomeka, ambayo ni ya mraba, kabla ya kuunganishwa kwa njia bora zaidi.

Msimbo ukiwa mrefu kiasi cha kutosomeka kwa urahisi, ukuaji wake unaweza kupimwa. Programu huendeshwa kwa n, kisha 2n, kisha 4n, na muda wa kila mara huandikwa. Muda ukizidishwa takriban kwa mbili kila hatua, ukuaji ni wa mstari, au ni n log n, ambao kwa vipimo vichache hauachani na mstari kirahisi. Ukizidishwa kwa nne, ni wa mraba. Ukiongezeka kwa kiasi kilekile kidogo kila data inapokuwa maradufu, ni wa logi, ingawa hapa utafutaji mmoja ni mfupi mno kwa saa ya kompyuta, na inabidi urudiwe mara laki kadhaa ndipo tofauti ionekane. Vipimo vya kuanzia visiwe vidogo. Katika n ya 50 au 100 muda wa kuwasha programu hufunika muda wa kazi yenyewe, na hata msimbo wa mraba huonekana kama haukui kabisa. Ukipimwa kwa 10,000, 20,000 na 40,000, ile mara nne hujitokeza.